Kwa nini tulikubali binti wa kaka atolewe utumbo mpana akiwa na miaka 17

Kaka yangu alifariki 2014 akiwa na miaka 39, na kwa miaka tisa mbele kila mtu kwenye ukoo alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni mbege, wengine vidonda vya tumbo vilivyopuuzwa, kuna mzee mmoja kule Kibosho alikuwa na jina kabisa la jirani aliyemfanyia. Cheti kiliandika kansa ya utumbo mpana na sisi tukasoma tukakikunja tukaweka kwenye begi la makaratasi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu wa miaka 39 apate kansa ambayo kwa kawaida tunaisikia kwa wazee. Na babu yetu mzaa baba naye alikufa na "tumbo" kabla hata baba hajamaliza shule ya msingi. Vitu viwili vimekaa mezani miaka yote hiyo, hatukuvipanga mstari mmoja.

Aliyekuja kuvipanga ni dokta mmoja wa upasuaji hapa Moshi, 2023, akiwa ameshika picha za utumbo wa mtoto wa huyo huyo kaka. Nitamwita Neema, sio jina lake. Mi ni shangazi yake.

Neema alikuwa anatoa damu kwenye choo karibu mwaka mzima na alimwambia mama yake mara moja tu, maana binti wa miaka 16 yuko bweni ataanzaje hayo maongezi. Zahanati ya kwanza wakatibu amiba. Ya pili wakasema bawasiri, wakampa dawa ya kupaka, bila kumwingiza hata kidole kuangalia. Halafu akaanza kuchoka, netiboli akaacha, akirudi likizo anapanda kilima cha nyumbani anakaa chini mara mbili njiani. Wifi akampeleka kupima damu akakuta hemoglobini 7.9, na hapo ndo mtu mmoja mwenye akili zake akauliza: huyu damu inaenda wapi?

Kwa hiyo tukapangiwa kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana, inaitwa kolonoskopi. Kolonoskopi yenyewe sio kitu, unachomwa sindano ya usingizi. Kazi iko usiku wa kuamkia, lile lidawa la kusafisha tumbo, lita kwa lita, na unakatazwa juisi nyekundu kwa sababu ikibaki humo ndani inaonekana kama damu. Sisi tulimnunulia juisi ya tufaa, akanywa glasi ya dawa, fundo la juisi, glasi ya dawa, mpaka saa sita.

Picha nimeziona mwenyewe. Utumbo mpana wa kawaida kwa ndani ni laini, waridi, unang'aa kama mdomo kwa ndani. Wa Neema ulikuwa kama mtu kamwaga ulezi juu ya ukuta wenye gundi. Vinyama vidogo vidogo kila mahali, vingi vina ukubwa wa punje ya ulezi au mchele, baadhi kama harage, na upande wa kushoto karibu na mwisho kulikuwa na vichache vyenye vikonyo kama uyoga, kikubwa zaidi kilikuwa milimita 15. Dokta akasema walihesabu mpaka 300 wakaacha. Ripoti ikaandikwa FAP.

Maana yake ni ugonjwa wa kurithi ambao utumbo mpana unaota vinyama kwa mamia, wakati mwingine maelfu, na vinaanza kuota ujanani, wastani kwenye miaka 16 hivi. Wengi hawana dalili yoyote. Damu ikishaanza kuonekana ujue vimeshakuwa vingi na vingine vimeshakua.

Dokta alitueleza hivi, na naomba niirudie kwa sababu ndo kila kitu kinategemea hapo. Kila seli ya mwili ina nakala mbili za jeni inayoitwa APC, moja ya mama moja ya baba. Kazi yake ni breki, inaiambia seli sasa basi acha kugawanyika. Mtu wa kawaida ana breki mbili, moja ikiharibika nyingine inashika. Neema kazaliwa na breki moja mbovu kwenye kila seli, katoa kwa baba yake. Sasa ukuta wa ndani wa utumbo ni sehemu inayojifanya upya kwa kasi sana, kila siku nne tano ngozi ile ya ndani ni mpya, na kwa mgawanyiko wa seli nyingi kiasi hicho lazima hapa na pale breki ya pili nayo ikatike kwa bahati mbaya. Ikikatika kwenye seli moja, hapo pameota kinyama kimoja. Ikikatika kwenye seli 300, vinyama 300. Haijalishi amekula nini. Hapo wifi alilia, kwa sababu miezi yote alikuwa anajilaumu kwa chipsi za shule.

Mzazi mwenye jeni hiyo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. Sio kwamba wakiwa wawili mmoja lazima apone, hapana, kila mtoto sarafu inarushwa upya. Na kuna watu kama robo hivi ya wagonjwa ambao kwenye ukoo hakuna kabisa, jeni imeharibika kwao kwa mara ya kwanza, hao ndo wanagundulika wakiwa wamechelewa kwa sababu hakuna aliyewaza.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. Baba yake alikuwa na uvimbe wowote mgumu kichwani au kwenye taya? Nikanyamaza. Kaka alikuwa na nundu ya mfupa chini ya taya, kulia, sote tulijua aliipata alipoanguka na baiskeli ile Foeniksi ya baba. Alianguka kweli. Ila nundu ilikuwa ya ugonjwa, vivimbe vya mfupa kwenye taya na fuvu ni moja ya alama zake, na wengine wanaota meno ya ziada au vifuko vya mafuta chini ya ngozi. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaiangalia usoni kwake kila tukikaa kula.

Sasa kikao cha familia.

Kikao kilikaa jumapili, nyumbani, baba mkubwa kwenye kiti chake, na hoja yake ilikuwa moja tu na kusema kweli ilikuwa na nguvu: mtoto huyu sio mgonjwa. Ameongezewa damu, anatembea, anakula mtori bakuli mbili. Kansa hana, si mmesema wenyewe hana? Sasa mnamtoaje utumbo mzima mtoto mzima? Kama ni vinyama si wavitoe hivyo vinyama, wana kamera, wavikate kimoja kimoja.

Hili swali niliuliza na mimi kwa dokta, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo nilizichukua nikaenda nazo kikaoni.

Ya kwanza ni hesabu. Kinyama kimoja kimoja ukikichukua peke yake hatari yake ni ndogo, vingi havitakuja kuwa kansa kamwe. Tuseme, ni mfano tu, kila kimoja kina nafasi moja kwa mia ya kugeuka maishani. Ukiwa nacho kimoja unalala usingizi, asilimia 99 uko salama. Ukiwa navyo 300 unazidisha 0.99 kwa 0.99 mara 300, nilifanya kwa kalkuleta ya simu pale pale kikaoni, inakuja kama 0.05. Yaani nafasi ya vyote 300 kutogeuka ni asilimia 5. Na 300 ndo walipochoka kuhesabu, na kesho vinaota vingine. Kwa wenye ugonjwa huu wa aina kamili ambao hawakufanyiwa upasuaji, kansa ya utumbo mpana ni karibu wote, na wastani wa umri inapojitokeza ni miaka 39.

Nilivyoitaja hiyo namba pale sebuleni hakuna aliyeongea kwa muda. Hatukuwa na haja ya kuelezana.

Sehemu ya pili ni kwamba vile unavyoviona sio vyote. Ukichukua kipande cha utumbo wake kinachoonekana kizuri kabisa kwa macho ukakiweka kwenye hadubini, unakuta vinyama vimeshaanza humo, vya tundu moja tu la ukuta, kamera haiwezi kuviona. Baba mkubwa ni mkulima wa kahawa na migomba, nikamwambia mzee, ni sawa na kung'oa magugu wakati mbegu iko kwenye udongo shamba zima, utang'oa mpaka uchoke. Na kila unapokata kinyama na kuchoma pale kilipokuwa kuna hatari ndogo ya kutoboa utumbo. Ukikata kimoja au viwili hatari hiyo unaibeba. Ukikata mamia, kila mwaka, maisha yote, hapana.

Kuna aliyeuliza vidonge. Vipo, dawa za jamii ya zile za kutuliza maumivu, sulindaki na selekoksibu, zinapunguza idadi na ukubwa wa vinyama, ila ukiacha vinarudi, na kuna watu wameota kansa wakiwa bado wanameza. Zinasaidia mtu ambaye ameshakatwa kutunza kipande kilichobaki. Mwingine akataja mlonge, sikujibu.

Jambo la muda nalo lilitusumbua. Sio kila kijana anayegundulika anakimbizwa tiata. Kama vinyama ni vichache na vidogo, chini ya milimita tano hivi, na vipimo vya hadubini vimetulia, wanamwangalia kila mwaka na upasuaji unasogezwa mpaka amalize shule, mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Tulikuwa tunaombea hivyo, amalize kidato cha sita kwanza. Ila majibu ya vinyama walivyokata kupima yalirudi na maneno mabaya, kile kikubwa cha milimita 15 seli zake zilikuwa zimeshabadilika kwa kiwango cha juu, sio kansa, ni hatua ya mwisho kabla ya kansa. Ukijumlisha na kutoka damu mpaka 7.9, dokta akasema hii ni ya miezi, sio ya miaka. Akapangiwa likizo ya desemba.

Ni wapi wanakata, hili ndo watu hawajui kama lina uchaguzi, na ningekuwa na kipaza sauti ningelisemea hapa.

Chakula kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, ule wa mita sita hivi. Utumbo mpana, mita moja na nusu, kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi na kutunza choo. Ndo maana mtu anaishi bila huo. Mwisho wake kuna kile kipande cha chini kinaitwa puru, ndo kinachokuambia unahitaji choo na kukuwezesha kusubiri. Swali lote ni: puru ibaki au itoke?

Ikibaki, wanatoa utumbo mpana wote na kuunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja kwenye puru. Operesheni moja, hakuna mfuko tumboni, choo mara tatu mpaka tano kwa siku. Ila puru nayo ina jeni ile ile, itaendelea kuota vinyama, kwa hiyo kamera kila miezi sita mpaka kumi na mbili maisha yote, na wengine baadaye inabidi puru itolewe pia. Ikitoka, wanakunja mwisho wa utumbo mwembamba kama herufi J wanaushona uwe kifuko cha ndani badala ya puru. Hatari ya kansa inashuka zaidi, lakini ni upasuaji mzito chini kabisa kwenye nyonga, mara nyingi na mfuko wa choo tumboni kwa miezi michache, choo ni mara nyingi zaidi hata usiku, na kwa msichana makovu ya humo yanaweza kumpunguzia uwezo wa kushika mimba. Njia ya tatu ni kutoa vyote na kubaki na mfuko wa nje moja kwa moja, hiyo ni kwa wale ambao hizo mbili haziwezekani, kwa mfano kansa imeshakaa chini kwenye puru.

Kinachoamua ni idadi ya vinyama kwenye puru. Chini ya ishirini na hakuna kikubwa, inaweza kubaki. Neema alikuwa navyo 12, vidogo, waliweza kuvichoma. Dokta akamgeukia yeye, sio mama yake wala mimi, akamuuliza, wewe unaonaje? Neema akauliza swali moja tu: nikiwa na hiyo ya kwanza, ile kamera ya kila mwaka, nikiacha kuja? Akaambiwa ukiacha kuja basi bora tukate yote leo. Akasema nitakuja.

Operesheni ilichukua saa nne kasoro. Siku ya pili alikuwa amekaa kitandani. Siku ya tatu tumbo likajaa kama ngoma, akatapika kijani, tukajua ndo basi. Tulichokuwa tumeonywa ni kiungo kuvuja, yaani pale waliposhona pakiachia, na dalili zake ni homa, mapigo ya moyo kwenda mbio na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mara nyingi kati ya siku ya nne na ya saba. Homa hakuwa nayo. Mapigo yalikuwa 88. Ilikuwa utumbo umelala tu baada ya kushikwa shikwa, wakampitisha mpira puani kunyonya tumbo, siku mbili ukaamka wenyewe. Ukitaka kujua mtu anafurahi nini wodi ya upasuaji, ni mgonjwa akijamba. Wifi alishangilia mpaka nesi akaja.

Wiki za mwanzo choo kilikuwa mara tisa, kumi, maji matupu. Hapo hatari ni maji na chumvi, alikuwa anapewa oaresi kila siku, anakula wali, ndizi za kupika, viazi, na vidonge vya loperamaidi, vya kupunguza kuharisha, nusu saa kabla ya chakula. Pilipili na maharage tulivisimamisha. Utumbo mwembamba unajifunza taratibu kazi ya kufyonza maji, mwezi wa tatu alikuwa kwenye mara nne. Kurudi bweni ilibidi matroni apewe barua ya kumruhusu kutoka darasani bila kuuliza, hilo tu ndo lilimfedhehesha kuliko kovu.

Utumbo uliotolewa ulipelekwa patholojia, wakaufungua wakahesabu zaidi ya 600. Viwili vilikuwa kwenye ile hatua ya mwisho, sio kimoja. Kamera iliona kimoja. Hiyo karatasi nilimpelekea baba mkubwa mwenyewe, akaisoma na miwani, akaikunja, hakusema kitu, ila wiki ile ile alituma mkungu wa mshare.

Neema hajaponywa ugonjwa, hili nilisema wazi maana watu wanapiga simu wanasema "amepona". Jeni iko palepale. Akifika miaka ya ishirini anaanza kuangaliwa duodeni pia, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, maana hicho nacho kinaota. Na kuna uvimbe unaitwa desmoidi, mgumu, unaota kwenye ukuta wa tumbo au ndani yake, mara nyingi ndani ya miaka michache baada ya upasuaji na upasuaji wenyewe ni kichocheo. Hausambai kama kansa lakini unakua unabana vilivyo jirani. Kwa hiyo anajikagua tumbo akiwa amelala, akihisi kitu kigumu karibu na kovu asisubiri tarehe ya kliniki.

Bado sisi wengine. Kipimo cha jeni hatukukifanya, vinyama zaidi ya mia pamoja na historia ya baba vilitosha kusema ni nini. Ila kukosa kipimo kuna bei yake: ukijua ni herufi ipi imeharibika kwenye jeni ya ukoo, ndugu anapimwa damu mara moja tu, kama hana anaenda zake nyumbani asirudi tena. Usipojua, kila mmoja lazima kamera. Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 43, safi kabisa, hata kimoja, na kwa umri huo wakaniambia sarafu yangu iliangukia upande mzuri, na watoto wangu wawili hawahusiki. Nilitoka pale nikakaa kwenye kiti cha daladala ya kwenda Kibosho nikashindwa kufurahi.

Mdogo wake Neema, tumwite Baraka, alikuwa na miaka 12, ndo umri wenyewe wa kuanza kuangaliwa. Alikunywa dawa yote bila kelele, dada yake amekaa pembeni anampimia juisi ya tufaa. Walikuta sita. Milimita mbili mbili. Walivipima, ni adenoma, yaani vinyama vya aina inayoweza kugeuka kansa, vile vile vya baba. Hakuna upasuaji sasa hivi, arudi baada ya mwaka, tukijaliwa amalize kidato cha nne au hata cha sita kwanza.

Tukiwa njiani aliniuliza, "Shangazi, sita ni vingi?" Kabla sijajibu Neema akamwambia mimi nilikuwa na mia sita, kaa kimya ule ndizi yako.